Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwa nini kranchi haziondoi kitambi, na kinachokiondoa ni nini

Je, kranchi huchoma mafuta ya tumbo?

Kranchi, yaani lile zoezi la kulala chali, kukunja magoti na kuinua mabega kuelekea magotini, hufanya kazi moja vizuri: huimarisha misuli ya ukuta wa mbele wa tumbo. Mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo ni suala jingine. Mtu akizifanya kwa miezi kadhaa bila kukosa, misuli yake itapata nguvu na stahamala, lakini tabaka la mafuta linaloifunika litabaki na unene uleule, isipokuwa kama katika kipindi hicho mwili wake wote umetumia nishati nyingi kuliko aliyokula. Hata hilo likitokea, mafuta yatapungua mwilini kote, kwa mpangilio ambao zoezi lenyewe haliuamui.

Kwa nini misuli ya tumbo isitumie mafuta yaliyo jirani nayo?

Jibu linategemea njia ambayo mafuta hupita kutoka mahali yalipohifadhiwa hadi mahali yanapotumika, na njia hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta ya mwili hukaa ndani ya seli za mafuta yakiwa katika umbo ambalo misuli haiwezi kulitumia moja kwa moja. Ni lazima kwanza yavunjwe yawe asidi za mafuta na gliseroli, na amri ya kuyavunja haitoki kwenye msuli unaofanya kazi. Hutoka kwenye mishipa ya fahamu na kwenye homoni, hasa adrenalini na noradrenalini ambazo huongezeka mtu anapofanya mazoezi, huku insulini, inayopanda baada ya kula, ikitoa amri ya kinyume. Kwa kuwa homoni husafiri katika damu, ujumbe wake hufika kwenye seli za mafuta za mapaja, za mgongo, za mikono na za tumbo kwa wakati mmoja.

Asidi za mafuta zikishatoka kwenye seli huingia katika damu, hubebwa na protini iitwayo albumini, na kuzungushwa na moyo mwili mzima. Msuli unaofanya kazi huchukua kile kinachopita katika mishipa yake ya damu, bila kujali kimetoka wapi. Hivyo msuli wa tumbo unaweza kabisa kutumia asidi za mafuta zilizotoka kwenye paja, na mtu anayetembea anaweza kuwa anatumia miguuni mafuta yaliyotoka tumboni. Isitoshe, msuli una akiba yake mwenyewe ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, na matone madogo ya mafuta ndani ya nyuzi zake, na katika zoezi fupi lenye kukaza kama kranchi, glikojeni hiyo ndiyo huchangia sehemu kubwa. Kati ya msuli wa tumbo na mafuta yaliyo chini ya ngozi hakuna mfereji wa moja kwa moja unaopitisha mafuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Baada ya hapo asidi za mafuta huunguzwa ndani ya mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli za msuli zinazozalisha nishati, kwa msaada wa oksijeni, na mabaki yake huwa ni kaboni dioksidi na maji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ilionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa zote, kilo 8.4 hutoka mwilini kama kaboni dioksidi kupitia mapafu na kilo 1.6 hubaki kuwa maji. Mafuta ya tumbo hutoka kwa pumzi, na pumzi haina habari na kiungo kilichokuwa kikifanya kazi.

Mbona nahisi tumbo linaungua ninapofanya kranchi?

Hisia hiyo hutoka ndani ya msuli wenyewe, kutokana na mabadiliko ya kikemikali yanayoambatana na kazi ya haraka inayozidi uwezo wa damu kuleta oksijeni ya kutosha mahali pale. Huisha ndani ya dakika chache baada ya kupumzika. Tabaka la mafuta haliungui kwa namna inayohisiwa, na maumivu ya siku inayofuata ni ya msuli vilevile. Huenda dhana nzima ya kuchoma mafuta mahali pamoja inaendelea kuishi kwa sababu ya hisia hii, maana mtu akigusa tumbo linalouma na kukuta mafuta chini ya kidole, ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili.

Je, jambo hili limewahi kupimwa, au ni nadharia tu?

Limepimwa mara nyingi, na jaribio linalostahili kuelezwa kwa kina zaidi lilichapishwa mwaka 1984. Wanaume 13 walipewa mpango wa siku 27 wa kufanya zoezi la kulala chali na kuinuka hadi kukaa, ambalo ni zito kuliko kranchi, na kila mmoja alifikisha jumla ya mara 5,004. Watafiti hawakuridhika na kupima kwa futi. Walichukua vipande vidogo vya mafuta kwa sindano kutoka sehemu tatu, yaani tumboni, chini ya bega na kwenye matako, kabla na baada ya mpango huo, kisha wakapima ukubwa wa seli za mafuta. Seli zilikuwa zimepungua kidogo katika sehemu zote tatu kwa kiwango kinacholingana. Tumbo, lililofanya kazi yote ile, halikupata upendeleo wowote.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 1971, watafiti wengine walitumia njia ya werevu zaidi kwa kuwapima wachezaji wa tenisi. Mchezaji wa tenisi hutumia mkono mmoja kupiga mpira kwa miaka mingi, na mkono wa pili hufanya kazi ndogo, kwa hiyo mtu huyo anabeba jaribio mwilini mwake. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene kwa sababu ya misuli, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi halikuwa jembamba kuliko la mkono wa pili.

Jaribio jingine la mwaka 2013 lilihusu mguu. Washiriki 11 walifanyisha mazoezi mguu mmoja tu kwa wiki 12, kwa kusukuma uzito mwepesi mara 960 hadi 1,200 katika kila kipindi, vipindi vitatu kwa wiki. Mafuta ya mwili yalipungua kweli, ila hayakupungua kwenye mguu ule uliotumika. Yalipungua kwenye kiwiliwili na mikono, sehemu ambazo hazikuguswa na zoezi hilo. Kwa maoni yangu hakuna matokeo yanayoonyesha wazi zaidi kwamba mwili huchota akiba kwa kanuni zake wenyewe.

Je, hakuna utafiti unaosema kinyume?

Upo, na si haki kuuficha. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba mtu anapotumia mguu mmoja, mtiririko wa damu na uvunjaji wa mafuta huongezeka katika mafuta yaliyo karibu na msuli unaofanya kazi ukilinganisha na mguu uliotulia. Lakini nyongeza hiyo ilihesabika kwa miligramu, na kuvunjwa si sawa na kuunguzwa: asidi za mafuta zikiingia katika damu na zisipotumiwa, hurudishwa na kuhifadhiwa upya, wakati mwingine mahali tofauti na zilikotoka.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Norway uliowahusisha wanaume 16 wenye uzito uliozidi. Kundi moja lilikimbia tu, na jingine lilikimbia kwa muda mfupi zaidi kisha likafanya mazoezi ya tumbo ya muda mrefu kwa mzigo mwepesi, kwa wiki 10. Makundi yote mawili yalipoteza mafuta ya mwili kwa kiasi kinachofanana, ila lile la pili liliripotiwa kupoteza zaidi kwenye kiwiliwili, tofauti ambayo haikufika kilo moja. Ni matokeo ya kufuatiliwa, lakini watu wenyewe walikuwa wachache, na walikuwa wanakimbia siku nne kwa wiki. Anayetaka kuyatumia kutetea kranchi za dakika tano kabla ya kulala atakuwa ameyabebesha mzigo usiokuwa wake.

Nikifanya kranchi dakika 10 kila siku, nitapunguza mafuta kiasi gani?

Tuchukue mtu mwenye kilo 80, urefu wa sentimita 170 na kiuno cha sentimita 100, tufanye hesabu yake hatua kwa hatua. Mazoezi ya aina ya kranchi yakifanywa kwa bidii ya wastani hutumia nishati mara 3.8 hivi ya ile anayotumia mtu aliyetulia. Mtu aliyetulia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, kwa hiyo huyu wetu hutumia 80 kwa saa akiwa amekaa tu. Nyongeza inayoletwa na zoezi ni mara 2.8 ya hiyo, yaani 224 kwa saa, au takriban 37 kwa dakika 10. Na hapo tumemkadiria kwa ukarimu, kwa sababu ni wachache wanaoweza kufanya kranchi dakika 10 mfululizo bila kupumzika katikati.

Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takriban kilokalori 7,700. Ukigawanya 7,700 kwa 37 unapata siku 208. Hii ina maana kwamba mtu huyu, asipokosa hata siku moja na asipoongeza hata tonge moja la ziada, atapoteza kilo moja ya mafuta baada ya karibu miezi saba. Kilo hiyo haitatoka tumboni peke yake bali mwilini kote, hivyo kinachoonekana kiunoni huenda kisifike hata sentimita moja. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, ambazo ni zaidi ya kranchi za siku tatu.

Jambo ambalo wengi hawalijui liko ndani ya hesabu hii. Matatizo ya kranchi ni mawili kwa pamoja: mafuta hayachukuliwi mahali pale, na pia misuli inayotumika ni midogo kiasi kwamba nishati yenyewe inayotumika ni ndogo. Hata kama lile la kwanza lisingekuwa kweli, la pili lingebaki.

Mafuta ya tumbo ni ya aina moja?

Si ya aina moja, na tofauti hii ina uzito mkubwa kiafya. Kuna mafuta ya chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyashika kwa vidole, na kuna mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo na viungo vingine nyuma ya ukuta wa misuli. Tumbo lililojaa mafuta ya ndani huweza kuwa gumu na kutokeza mbele ilhali ukijaribu kulikunja kwa vidole unapata kidogo tu. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo na mafuta kwenye ini.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani hayana ukaidi. Mtu anapoanza kupungua uzito, kwa kawaida hupungua kwa kasi kubwa kuliko ya chini ya ngozi ukilinganisha na kiasi chake cha awali, na mazoezi ya kutembea kwa kasi, kukimbia au kuendesha baiskeli huyapunguza hata pale ambapo mizani haionyeshi mabadiliko makubwa. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba mikunjo ya tumbo bado ipo huenda tayari amepata faida kubwa asiyoiona kwenye kioo.

Kwa nini basi tumbo huonekana kuwa la mwisho kupungua?

Kwa wengi, hasa wanaume na wanawake waliokoma hedhi, tumbo ndipo palipohifadhiwa mafuta mengi zaidi, na penye mengi huchukua muda mrefu kuonyesha tofauti. Uso na mikono vilikuwa na tabaka jembamba tangu mwanzo, kwa hiyo upungufu mdogo huonekana mapema. Zaidi ya hapo, seli za mafuta hazipokei amri ya homoni kwa namna moja. Zina vipokezi vinavyochochea uvunjaji wa mafuta na vingine vinavyouzuia, na uwiano wake hutofautiana kati ya sehemu moja ya mwili na nyingine, kati ya mwanamke na mwanamume, na kati ya mtu na mtu. Mafuta ya nyonga na mapaja ya wanawake, kwa mfano, mara nyingi huwa mazito kuachia kuliko ya tumbo. Mgao huu umetokana kwa sehemu kubwa na urithi na homoni za uzazi, na hakuna zoezi linaloubadilisha.

Basi nifanye nini kinachosaidia kweli?

Turudi kwa yule mtu wetu wa kilo 80. Anachohitaji ni mwili wake kutumia nishati kidogo zaidi ya anachokula, kila wiki, kwa miezi, bila kupoteza misuli. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupatikana kirahisi zaidi kwenye chakula. Tuseme anapunguza kilokalori 300 kwa siku. Chupa moja ya nusu lita ya soda yenye sukari ina takriban 210, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kina 120 kama tulivyoona, kwa hiyo akiacha soda hiyo na kupunguza kijiko kimoja cha mafuta katika chakula chake amezifikia bila kulala njaa. Hiyo ni 2,100 kwa wiki.

Kisha atembee kwa kasi ya kumfanya apumue kwa nguvu lakini bado aweze kuzungumza, dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa uzito wake nyongeza ya nishati ni takriban kilokalori 200 kwa kila matembezi, yaani 1,000 kwa wiki. Muda huo wa dakika 225 upo ndani ya pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020, ambalo ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili.

Jumla ni 3,100 kwa wiki, ambayo kwa hesabu kavu ni gramu 400 za mafuta, au karibu kilo 5 kwa wiki 12. Kwa uhalisia atapata pungufu ya hapo, pengine kilo 3 au 4, kwa sababu mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko mwili mzito, na kwa sababu baada ya matembezi marefu watu wengi hukaa zaidi na kula zaidi bila kujitambua. Kiunoni anaweza kutarajia kupungua kwa takriban sentimita moja kwa kila kilo, na hapa pia watu hutofautiana. Zilinganishe na zile siku 208 za kranchi zilizokuwa zikidai kilo moja.

Mazoezi ya nguvu yana nafasi yake, ingawa sababu si kuchoma nishati nyingi. Mtu anayepunguza chakula bila kutumia misuli yake hupoteza misuli pamoja na mafuta. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kuvuta na kunyanyua vitu vizito hutumia misuli mikubwa ya mapaja, matako, kifua na mgongo, na huupa mwili sababu ya kuibakiza. Protini ya kutosha husaidia kwa njia hiyohiyo: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kiwango kinachotumika sana kwa watu wazima wenye afya wanaopunguza uzito, na mwenye ugonjwa wa figo hana budi kuuliza daktari kwanza.

Je, usingizi una uhusiano wowote?

Una uhusiano kuliko watu wanavyoupa. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2010, watu 10 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa siku 14 wakipewa nafasi ya kulala saa 8.5, na kwa siku nyingine 14 wakipewa saa 5.5 tu. Uzito waliopoteza ulikaribiana, lakini walipolala kidogo sehemu ya mafuta katika uzito huo ilishuka kwa asilimia 55, na kilichopotea badala yake kilikuwa zaidi ni tishu zisizo mafuta. Njaa nayo iliongezeka. Mtu anayeamka alfajiri kabisa ili afanye kranchi, na kwa sababu hiyo akakata saa mbili za usingizi wake, amefanya biashara ya hasara.

Nitajuaje kama ninapungua tumboni?

Tumia futi ya kamba, ile ya mafundi nguo. Simama wima, tafuta kwa vidole ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na kilele cha mfupa wa nyonga, kisha pitisha futi katikati ya sehemu hizo mbili, ikiwa sambamba na sakafu kuzunguka mgongo. Toa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, na soma mwisho wa pumzi hiyo. Pima asubuhi kabla ya kula, mara moja kila wiki mbili, na uandike. Kosa la kawaida ni kupima juu ya kitovu siku moja na chini yake siku nyingine, jambo linaloweza kuleta tofauti ya sentimita kadhaa isiyo na maana yoyote.

Kipimo rahisi cha kulinganisha ni nusu ya urefu wako: kiuno kikizidi nusu ya urefu, hatari ya kiafya huanza kupanda. Kwa mtu wetu wa sentimita 170, mpaka ni sentimita 85, na kiuno chake cha 100 kimeuvuka kwa mbali. Mizani hubadilika kwa kilo moja au mbili ndani ya siku moja kutokana na maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, hivyo usomaji mmoja usikufurahishe wala kukukatisha tamaa. Kama baada ya wiki sita kiuno na uzito vyote havijasogea, hesabu ya chakula ndiyo ya kukaguliwa kwanza, na mara nyingi kinachosahaulika ni vinywaji, mafuta ya kupikia na vitafunwa vya kuonja.

Mikanda ya kutoa jasho na krimu za kupaka tumboni husaidia?

Mkanda huondoa maji, nayo hurudi ukinywa. Pia hubana tumbo, hivyo futi ikisoma kidogo mara baada ya kuuvua usiichukulie kuwa ni mafuta. Krimu haina njia ya kuyafanya mafuta yaunguzwe. Sina la kuongeza hapo.

Na upasuaji wa kunyonya mafuta?

Hiyo ndiyo njia inayoondoa mafuta mahali palipochaguliwa, lakini hugusa ya chini ya ngozi tu. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani waliwapima wanawake 15 wenye unene uliokithiri baada ya kunyonywa mafuta mengi ya tumbo, kwa wastani wa karibu kilo 10, na hawakuona nafuu katika shinikizo la damu, katika mafuta ya damuni wala katika namna mwili ulivyoitikia insulini. Kupoteza kiasi kama hicho kwa chakula na mazoezi kwa kawaida huleta nafuu katika mambo hayo. Upasuaji huu ni wa umbo, na wenye kuufanya kwa uadilifu huusema hivyo wenyewe.

Niache kranchi kabisa?

Hapana, ziweke tu mahali pake. Misuli ya tumbo yenye nguvu husaidia kushikilia kiwiliwili unaponyanyua vitu na unapogeuka, na katika utafiti wa mwaka 2011 watu waliofanya mazoezi ya tumbo kwa wiki sita waliongeza sana stahamala ya misuli hiyo, ingawa mafuta ya tumbo hayakubadilika. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki vinatosha, vikichanganywa na zoezi la kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka. Mwenye mifupa iliyodhoofika aepuke kukunja mgongo mara kwa mara kwa nguvu, na mjamzito apate ushauri kabla ya kufanya zoezi lolote la kulala chali.

Tumbo langu limejaa lakini mwili mwingine ni mwembamba. Je, ni mafuta tu?

Si lazima. Tumbo linalokuwa bapa asubuhi na kujaa jioni lina gesi na chakula zaidi kuliko mafuta, kwa sababu mafuta hayaji na kuondoka ndani ya siku moja. Kwa mwanamke aliyejifungua, misuli miwili ya mbele inaweza kuwa imeachana. Alale chali, ainue kichwa taratibu na kupapasa katikati ya tumbo kwa vidole: akihisi mfereji laini wa upana wa vidole viwili au zaidi, au akiona tumbo linatokeza kama tuta katikati, kranchi za kawaida zinaweza kuzidisha kutokeza huko, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kumpangia mazoezi. Tumbo linalokua haraka ndani ya wiki chache, hasa likiambatana na kuvimba miguu, macho kuwa ya manjano, maumivu, uvimbe unaopapasika, au kupungua mikono na uso huku tumbo likiongezeka, linaweza kuwa na maji au uvimbe ndani, na hilo lipelekwe hospitali kabla ya kujaribu zoezi lolote.